Walimwita Wino: kisa cha darasa moja na somo la hedhi ambalo wavulana hatukuwapa

Nianze na benchi, maana hapo ndo nilipoanza kuelewa. Asubuhi moja nimeingia darasani mapema kuliko kawaida yangu, nakuta kwenye benchi la safu ya tatu kuna nukta ya wino mwekundu, bado mbichi, ukubwa wa kifungo cha shati, imewekwa pale pale anapokaa binti mmoja wa miaka 13. Nikaifuta kwa dasta la ubao nikidhani kalamu ya mtu imevuja. Kesho yake ipo tena. Siku ya tatu ipo, na sasa nikawa nimeshasikia wavulana wakiitana kule nyuma, "oya Wino kafika?" na kicheko kile cha kubana pua.

Mi ni mwalimu wa sayansi na pia nimepewa malezi, na ni mwanaume, nalisema hilo mapema kwa sababu lina kazi yake huko mbele. Darasa lenyewe lina watoto wa miaka 12 hadi 14, wawili watatu wana 15, wavulana na wasichana karibu sawa.

Kilichotokea ni hiki. Wiki kama tatu kabla ya hizo nukta, huyo binti aliitwa ubaoni kwenye kipindi cha hesabu, akasimama, na sketi ilikuwa imechafuka kwa nyuma. Yeye hakujua. Alitembea mpaka ubaoni, akaandika hesabu yake, akaipata, na alipogeuka akakuta nusu ya darasa wameinamisha vichwa wanacheka na wasichana wawili wanamfanyia ishara ya mkono aende nje. Mwalimu wa hesabu naye akashikwa na aibu, akamwambia tu "nenda nyumbani" bila neno jingine. Akaenda. Hakurudi siku nne. Aliporudi jina lilikuwa limeshamsubiri.

Mwezi uliofuata akakosa tena siku nne. Nilifungua rejista ya mahudhurio nikaweka kidole, nikaona na wasichana wengine watatu wana mapengo ya aina hiyohiyo, siku mbili, siku tatu, zinarudi baada ya wiki nne au tano, zimeandikwa "malaria" au "kichwa". Rejista inasema mambo mengi ukiisoma kwa kushuka chini badala ya kusoma siku mojamoja.

Sasa shule ilifanya nini kwanza? Ilifanya ambalo shule nyingi hufanya, na nililiunga mkono wakati ule. Mwalimu wa zamu alisimama paredi akasema kwa ukali, "nyie wavulana mkome kuwacheka wasichana wakiwa kwenye siku zao." Yaani shule nzima ikageuza shingo kutafuta ni nani. Waliokuwa hawajui wakajua siku hiyo, na wadogo wa madarasa ya chini ambao hata hawajui hedhi ni nini wakaondoka na somo moja tu, kwamba kuna kitu wasichana wanacho ambacho ni cha kuchekwa ila mwalimu akiwepo usicheke.

Na kuna kosa la nyuma zaidi, hili ni langu kabisa. Mwaka uliotangulia walikuja watu wa afya kufundisha hedhi kwa darasa hilihili. Mi ndo niliyetoa mpira nikawaambia wavulana nendeni uwanjani, hiki ni kipindi cha dada zenu. Wavulana wakacheza dakika arobaini, wakaona wasichana wanatoka wakiwa kimya, kila mmoja amebana kitu chini ya sweta. Wakauliza "mmepewa nini?" Wakajibiwa "hayakuhusu." Ukiwa mtoto wa miaka 12, hapo unajifunza nini? Unajifunza kwamba wasichana wana siri, na kwamba hata mwalimu anasaidia kuificha. Na siri ya mtu ukiipata una silaha mkononi. Ile nukta ya wino ilianzia siku ile ya mpira, mi naamini hivyo, doa la sketi lilikuja tu kuwapa mahali pa kuipiga.

Kwahiyo safari hii tukaamua wavulana wafundishwe yote yaleyale wanayofundishwa wasichana. Lakini kabla ya kufundisha mtu yeyote, mwalimu mwenzangu wa kike alikwenda kuongea na binti na mama yake. Hakwenda kumweleza tumepanga nini, alikwenda kumuuliza anataka nini. Binti alisema mambo mawili. Asitajwe, na somo lisiwe wiki hii, kwasababu likiwa wiki hii kila mtu atajua ni kwa ajili yake. Tukasubiri zaidi ya wiki mbili, tukaliingiza kwenye mada ya balehe ambayo ilikuwa kwenye ratiba ya sayansi hata hivyo. Nasisitiza hili kwa walimu wenzangu kwa sababu kishawishi cha kufundisha kesho yake asubuhi ni kikubwa, damu bado inachemka, unataka kuwanyoosha. Ukifanya hivyo yule mtoto anageuka kielelezo cha somo, na ni aibu ya pili juu ya ile ya kwanza.

Wakati tunasubiri, mi nikawapa wavulana vikaratasi. Bila jina. Kila mtu aandike anachojua kuhusu hedhi na anachotaka kujua, na asiye na swali anakili sentensi niliyoandika ubaoni, ili wote waonekane wanaandika na asijulikane nani ana swali na nani hana. Hicho kitu kidogo kina maana sana, bila hivyo wenye maswali wanaogopa hata kushika kalamu.

Vile vikaratasi nilivisoma usiku nikajikuta nimenyamaza. Matusi yalikuwa machache sana. Kilichojaa ni kutokujua, tena kwa dhati. Mmoja kaandika, "kwanini wasizuie mpaka wafike nyumbani kama mkojo." Hilo lilijirudia kwa maneno tofauti tofauti, karibu ndo lilikuwa swali la darasa. Mwingine, "ni ugonjwa unaambukiza?" Mwingine, "inatoka lita ngapi." Mwingine kaandika kwa herufi ndogo sana, "dada yangu analia kila mwezi naogopa atakufa." Na mmoja, "akianza ndo yuko tayari kuolewa, baba alisema."

Lile la kuzuia nataka nikae nalo kidogo. Ukiamini kwamba msichana anaweza kuzuia, basi doa kwenye sketi ni uzembe, ni sawa na mtu mkubwa kujikojolea, na mtu mkubwa akijikojolea watoto watacheka, hakuna kona ya dunia watakayoacha. Yaani kicheko chao kilikuwa kimesimama juu ya kitu ambacho si kweli. Unaweza kuwakemea paredi mpaka sauti ikauke, ile imani bado ipo pale chini inasubiri doa lingine.

Basi tukagawa vipindi vitatu. Cha kwanza wavulana peke yao na mimi, muda huohuo wasichana na mwalimu mwenzangu, maneno yaleyale na picha zilezile. Cha pili hivyohivyo, lakini kwa maswali. Cha tatu wote pamoja. Mtu anaweza kusema si mngeanza pamoja moja kwa moja. Hapana. Kuna maswali mvulana hawezi kuuliza mbele ya wasichana bila kuyageuza kuwa mzaha ili ajikinge, na kuna wasichana ambao hawajawahi kutamka neno hedhi mbele ya mtu yeyote. Wape nafasi ya kujikwaa kwanza mahali ambapo hawaonwi na wenzao wa upande wa pili.

Kipindi cha wavulana nilianza na wao wenyewe. Nikawauliza, nani hapa mwili wake umewahi kufanya kitu bila kumuomba ruhusa? Kimya. Nikasema mi nikiwa na miaka 14 niliitwa kusoma kifungu kwa sauti, sauti ikakatika katikati ikatoka kama ya kifaranga, nikakataa kusoma tena muhula mzima. Hapo wakaanza, mmoja sauti, mmoja chunusi, mmoja akasema kwa kuzungukazunguka habari za kuamka shuka imelowa, wenzake wakacheka na nikaona masikio yake yanawaka. Nikasema hiyo ni ndoto nyevu, ni ya kawaida kabisa, na hata wewe huwezi kuizuia kwa kukaza nia. Nikaacha hiyo sentensi ikae. Halafu nikachora mfuko wa uzazi ubaoni.

Nilieleza hivi, kwa maneno ya kawaida tu. Kila mwezi hivi ovari inakomaza yai moja. Wakati huo homoni zinaambia ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi ujijenge, uwe mnene, uwe na mishipa midogo ya damu, kama kutandika kitanda kwa ajili ya mgeni. Mimba isipotunga, homoni zinashuka, na ule utando wa juu hauna kazi tena, unabanduka na kutoka taratibu pamoja na damu. Hiyo ndo hedhi. Inachukua siku 2 hadi 7. Haitokani na kidonda, si uchafu uliokuwa umejificha mwilini, na haiambukizi mtu.

Halafu lile swali lao. Kibofu cha mkojo kina msuli wa kuziba ambao ubongo wako unauamrisha, ndo maana unaweza kusubiri kengele. Mfuko wa uzazi hauna kitu kama hicho. Hakuna msuli wa kukaza kwa nia, hakuna pa kuzuia, damu inatoka ikiwa amelala, amesimama, anafanya mtihani. Kijana mmoja akasema "kumbe ni kama damu ya pua." Darasa likaitikia aaah, na nikaona nyuso zinabadilika kwa kweli. Ule mfano ni mzuri kwa kitu kimoja tu, kwamba huwezi kuzuia kwa nia. Nikaukubali lakini nikaukata hapohapo, kwasababu damu ya pua ni mshipa umepasuka, na ukiuacha mfano uende mbali watatoka hapo wakiamini msichana ameumia ndani na anahitaji kuhurumiwa. Huruma nayo ikizidi ni njia nyingine ya kumtenga mtu.

"Mbona asijiandae sasa, si anajua tarehe?" Swali zuri. Mwanamke mzima mzunguko wake huwa kati ya siku 21 na 35, wengi wanaweza kukisia. Msichana aliyevunja ungo karibuni, miaka ile miwili mitatu ya mwanzo, mzunguko unaweza kuwa siku 21 mwezi huu na 45 unaofuata, kwasababu mwili bado haujashika mwendo na kuna miezi yai halitoki kabisa. Anaweza akawa hana dalili yoyote asubuhi na saa nne akawa ubaoni. (Sikusema ubaoni darasani, nimesema hapa tu.)

Sehemu ambayo hawataisahau ni ya kijiko. Kwenye vile vikaratasi walikuwa wanataja lita. Nikachukua maji niliyotia rangi nyekundu na vijiko viwili vya mezani, nikasema hedhi nzima, siku zote hizo, damu inayotoka kwa wastani ni mililita 30 hadi 40, yaani vijiko viwili vya mezani na nusu hivi, na ikizidi 80 tunasema ni nyingi kupita kawaida. Wakaniangalia kama nawadanganya. Nikachukua kijiko kidogo cha chai, mililita 5, nikamimina juu ya kipande cha kitambaa cha sare. Likasambaa. Likaendelea kusambaa wakiwa wanaangalia, mpaka likawa kama kiganja cha mtu. Kijana wa dawati la nyuma ambaye nilikuwa namshuku kwa zile nukta akasema taratibu, "kijiko kimoja tu?" Kimoja tu. Nikamimina kingine kwenye pedi, ikanyonya, nikampa aguse juu, karibu pakavu. Akageuza ile pedi mkononi, akaangalia gundi yake, akauliza inakaa wapi. Mwaka mzima wamecheka kitu ambacho hawajawahi kukishika.

Na hilo doa la kitambaa nilimwambia mmoja alifue pale mbele kwa maji baridi. Likatoka karibu lote. Maji ya moto yanagandisha damu kwenye uzi, maji baridi na sabuni yanatosha likiwa bado bichi. Ni kitu cha nyumbani tu, lakini kijana wa kiume akishafua doa la namna ile kwa mkono wake mwenyewe, lile doa linapungua ukubwa kichwani.

Niseme kuhusu kicheko, maana hiki ndo kinachowashinda walimu wengi. Watacheka. Usikemee cheko la kwanza. Kuna kicheko cha aibu, kinatoka kwa wengi kwa pamoja, macho yapo chini au yapo kwako, na ukiendelea kuongea kwa sauti ileile kinakufa chenyewe ndani ya dakika chache. Kuna kicheko kingine, mtu anageuka kwanza kumtazama mtu fulani, anasema kitu, halafu anasubiri wenzake wamfuate. Hicho cha pili unakikata palepale. Ukivichanganya ukakemea vyote, wale wa aibu wanajifunga na husikii swali tena.

Na useme neno hedhi kama unavyosema mapafu. Usishushe sauti, na usiseme "ile hali". Hapa ndo naona faida ya mwanaume kusimama. Wale wavulana hawajawahi kumsikia mwanaume mzima akilisema bila kukohoa kwanza.

Kipindi cha pamoja hatukukaa nacho muda mrefu. Tulisoma vikaratasi vya maswali vilivyotiwa kwenye sanduku, vya pande zote mbili vimechanganywa. Kuna msichana aliuliza kwa karatasi kama ni kweli wavulana wanaona kwa kumtazama tu usoni kwamba yupo kwenye siku zake. Wavulana wakapinga wote kwa pamoja, "hatujui bwana!" na niliona mabega ya wasichana kadhaa yanashuka. Lile la kuolewa tulilijibu kwa uwazi pia, kuvunja ungo wengi kunatokea wakiwa na miaka 10 hadi 15, mwili umeanza safari tu, nyonga na viungo bado vinakua, na mimba katika umri huo ni hatari kwake na kwa mtoto. Baba mmoja alipiga simu jioni akasema tunawaharibu watoto wa kiume. Nikamkaribisha aje aone daftari la somo, akaja, akasoma, akauliza maswali mawili ambayo yalikuwa yaleyale ya wanawe.

Sasa mambo yaliyokwenda vibaya, maana yalikuwepo.

La kwanza sikulitegemea kabisa. Kama wiki tatu baadaye mwalimu mwenzangu alikuta nyuma ya daftari la kijana mmoja orodha ya herufi za kwanza za majina ya wasichana na tarehe pembeni. Tukamuita tukiwa tumeshakasirika. Kijana akashangaa, anasema "mwalimu si ulisema haitabiriki, nilitaka niwasaidie kuwakumbusha." Alikuwa anamaanisha! Na kuna wengine walianza kuwauliza wasichana kwa sauti, "uko kwenye hedhi? nikuletee pedi?" mbele za watu, kwa nia njema kabisa. Msichana mmoja akaniambia bora zamani walivyokuwa wanacheka kimya. Hapo nikaona tulifundisha mwili tukasahau faragha. Tukarudi darasani kwa dakika kumi tu, na kanuni moja, kwamba hedhi ni jambo la kawaida na ni jambo lake, huulizi, hukisii, huandiki. Ukiona doa unamwambia rafiki yake wa karibu au mwalimu kwa sauti ya chini, basi, unaendelea na yako. Akikuomba kitu, mpe. Hiyo ingekuwa ndani ya kipindi cha kwanza, na sasa ipo.

La pili ni harufu. Kwenye karatasi kadhaa waliandika "wananuka", na tukawa tumejibu kwa ufupi kwamba damu yenyewe ikitoka haina harufu kali, harufu inakuja ikikaa kwenye pedi saa nyingi, bakteria wakapata joto na muda. Ndo maana pedi inabadilishwa kila baada ya saa 4 hadi 6. Tukadhani tumemaliza. Msichana mmoja akamuuliza mwalimu mwenzangu, "tubadilishie wapi?" Milango mitatu ya choo cha wasichana, mmoja tu una komeo. Hakuna pipa la kutupia. Kwahiyo walikuwa wanavaa pedi asubuhi saa kumi na mbili na kuivua wakifika nyumbani saa tisa, masaa tisa mazima pedi moja, halafu wanachekwa kwa harufu. Au wanabaki nyumbani, na zile "malaria" za kwenye rejista ndo hizo. Tungefundisha mwaka mzima, harufu ingebaki palepale. Makomeo mawili yakafungwa, pipa lenye mfuniko likawekwa, ndoo ya maji ndani ya choo na siyo nje. Na katika kabati la darasa tukaweka boksi la pedi ambalo mtu anachukua bila kuomba na bila kuandika jina.

La tatu ni kijana mmoja wa miaka 15. Aliendelea. Alijibu maswali yote sawasawa, alijua mililita, alijua homoni, na kesho yake kaweka nukta nyingine. Nilijaribu kumweleza upya, nikapoteza wiki mbili, mpaka nikagundua kwamba huyuhuyu ndo anamwigiza kijana mwenye kigugumizi wa darasa la jirani. Shida yake haikuwa hedhi. Mtoto asiyejua akishajua anaacha, au anapunguza. Anayejua na anaendelea huyo ni muonevu, na uonevu una njia yake, mzazi aliitwa, alihamishwa kiti, alipewa kusafisha yale mabenchi mwenyewe, na tukamfuatilia kila wiki kwa muhula mzima. Kumpa somo lingine la balehe kungekuwa kumpa silaha mpya.

Nilirudia vile vikaratasi baada ya wiki sita, maswali yaleyale. Lile la kuzuia kama mkojo lilikuwa limekwisha kabisa, hakuna hata mmoja. La ugonjwa limekwisha. La kuwa tayari kuolewa bado lilikuwepo kwa wachache, nadhani kwasababu lile linatoka nyumbani na lina watu wazima nyuma yake, kipindi kimoja hakilifikii. Kwenye rejista wawili kati ya wale wanne mapengo yao yaliziba. Binti wetu alikosa siku moja badala ya nne. Wa nne hakubadilika, na hapo ndo tukakaa naye vizuri, kumbe yeye maumivu yanamlaza, anatapika, na damu inajaza pedi kila saa moja au mbili. Maumivu ya kawaida ya hedhi yanatokana na kemikali inayoitwa prostaglandini inayokaza mfuko wa uzazi ili usukume, kitu cha moto tumboni na dawa ya maumivu vinasaidia wengi. Lakini maumivu yanayomtoa mtoto shule kila mwezi, au pedi inayojaa ndani ya saa moja mbili kwa masaa mfululizo, au hedhi inayopita siku 7, huyo anapelekwa kliniki. Alipelekwa, akakutwa na upungufu wa damu, akaanzishiwa dawa. Tungekuwa tumehesabu kukosa kwake kama aibu tu tungempoteza.

Yule mdogo aliyeandika kwamba dada yake atakufa sikuwahi kumjua ni nani, na sikutafuta. Nililijibu swali lake la kwanza kabisa siku ya sanduku, polepole, kwamba maumivu yapo, mara nyingi ni makali siku moja mbili za mwanzo, na dada yako hatakufa, unaweza kumchemshia maji na kumletea bila kusema kitu.

Yule binti, jina la Wino lilichukua muda kufa. Halikufa siku ya kijiko, lilififia tu, likawa linatumiwa na wachache, halafu na mmoja, halafu sikulisikia. Alianza kwenda ubaoni tena karibu na mwisho wa muhula, kwa mwalimu yuleyule wa hesabu, ambaye sasa akimuita anasema "mwanangu njoo" na kila mwanafunzi anaruhusiwa kujibu akiwa amekaa kama anataka, bila kuulizwa sababu.

Kila Ijumaa kiranja wa zamu anasoma mbele ya darasa vitu vilivyopungua kwenye kabati ili niandike. Wiki ile zamu ilikuwa ya kijana wa dawati la nyuma, yule wa "kijiko kimoja tu?" Akafungua kabati, akahesabu, akasoma kwa sauti yake ileile ya kuvutavuta, "chaki boksi moja, daftari la zamu kurasa nne, pedi zimebaki mbili, fagio limekatika." Nikaandika. Mtu mmoja akauliza fagio kalikata nani, wakaanza kubishania fagio.